Maneno na tarakimu kwenye picha ya hundi: namna ya kusoma, kulinganisha na kuamua

Hundi hubeba kiasi cha fedha mara mbili. Kwanza kwa maneno, kwenye mstari mrefu ulio chini ya jina la mlipwaji. Kisha kwa tarakimu, ndani ya kisanduku cha upande wa kulia. Huandikwa mara mbili makusudi, ili kimoja kimlinde mwenzake: tarakimu moja ni rahisi kukosea au kuchezewa, maneno ni magumu zaidi. Ulinzi huo unafanya kazi pale tu msomaji anaposoma viwili hivyo kama vitu viwili. Wengi husoma kisanduku, hutupia jicho maneno, na kuona kile ambacho kisanduku kimeshawaambia.

Mwongozo huu ni wa karani wa malipo, mhazini wa saccos au mwenye duka anayetumiwa picha ya hundi kwa simu na kutakiwa aingize kiasi kwenye vitabu kabla karatasi yenyewe haijafika. Mifano ni ya hundi za shilingi ya Tanzania zilizoandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu hesabu ya Kiswahili ina mitego yake ambayo miongozo ya kibenki haiigusi. Kanuni ya kisheria, kwamba maneno hushinda tarakimu vikitofautiana, ni ileile Kenya, ingawa huko hundi nyingi huandikwa kwa Kiingereza.

Kwanza, picha iwe ya kusomeka

Mabenki yenyewe siku hizi hupitisha hundi kwa picha. Kenya ilianza utaratibu huo mwaka 2011, Tanzania mwaka 2015. Lakini picha ya benki hupigwa na mashine inayolaza karatasi sawasawa, kwa mwanga usiobadilika. Ya kwako imepigwa juu ya meza ya mtu, pengine jioni, pengine na mkono unaotetemeka.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni nukta 200 kwa inchi. Hundi yenye upana wa sentimita 19 hivi ni kama inchi saba na nusu, kwa hiyo inahitaji pikseli 1,500 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Angalia kwamba ni upana wa hundi, siyo upana wa picha. Picha ya pikseli 1,600 ambayo hundi imechukua nusu tu, nusu nyingine ikiwa kitambaa cha meza, inakuachia pikseli 800 za kusomea, na hapo mwandiko mdogo unaanza kuyeyuka. Programu za kutumiana ujumbe hupunguza ukubwa wa picha zinapoisafirisha. Mwambie mtumaji aitume kama faili, si kama picha ya kawaida, na aipige hundi ikiwa imejaa fremu huku pembe zote nne zikionekana.

Omba picha tatu: hundi nzima, mstari wa maneno peke yake kwa karibu, na kisanduku peke yake kwa karibu. Hundi ilazwe juu ya kitu cheusi kisicho na maua, simu iwe juu yake moja kwa moja, na taa ya simu izimwe. Mwako wa taa hupiga kwenye wino wa kalamu na kuacha doa jeupe, na mara nyingi doa hilo hutua katikati ya hundi, yaani juu ya maneno. Simu ikiinamishwa, upande wa mbali wa hundi hubanwa, na sifuri tatu za mwisho ndani ya kisanduku husongamana hadi zikaonekana mbili.

Ikiwa sehemu ya kiasi haionekani, usiijaze kwa kukisia. Rudisha ombi la picha nyingine. Kuomba picha mpya kunachukua dakika tano. Kuondoa kiasi kibaya kwenye vitabu baada ya taarifa ya benki kutoka kunachukua siku nzima.

Soma maneno ukiwa umefunika kisanduku

Kuza picha hadi kisanduku kitoke nje ya skrini, au kifunike kwa kipande cha karatasi. Halafu nakili mstari wa maneno kama ulivyo, herufi kwa herufi, pamoja na makosa ya tahajia. Neno lisilosomeka liwekee alama ya kuuliza. Usiandike kiasi bado. Kama aliyeandika ameandika "millioni mbili laki sita na ?itini elfu tu", hivyo ndivyo unavyonakili.

Sababu ya kufunika ni hii: jicho likishaona 690,000 litasoma "tisini" hata palipoandikwa "sitini". Maneno hayo mawili yana herufi zilezile, zimebadilishana nafasi tu, na kwa mwandiko wa haraka yanafanana sana. Njia ya kuyatenganisha ni kutafuta herufi ndefu. Kwenye "tisini" herufi ndefu, t, imesimama mwanzoni kabisa mwa neno. Kwenye "sitini" iko ya tatu, baada ya herufi mbili fupi. Hata picha ikiwa na ukungu, urefu huo huonekana, na mstari mdogo unaokata t mara nyingi huonekana kabla ya herufi yenyewe. Ukibaki na shaka, tafuta t nyingine aliyoandika mtu huyohuyo. Neno "tu" la mwisho wa mstari lipo karibu kila hundi, na linakupa t yake ya kulinganisha.

Jozi nyingine za kuangalia ni "nne" na "nane", ambazo hutofautiana kwa herufi moja fupi inayomezwa na mwandiko wa kuunganisha. "Tatu" na "tano", ambapo t ya pili ndiyo shahidi. Na "thelathini" na "themanini", ambapo l ndefu iliyo katikati ya neno la kwanza haipo kwenye la pili. "Sita" na "saba" hazisumbui sana: t na b zote ni za tatu, lakini t hukatwa na mstari mdogo na b ina tumbo. Jozi moja ikijitokeza, ipitie kwa herufi ndefu kabla ya kuendelea.

Maneno yanayosomeka kwa namna mbili

Hapa ndipo migongano mingi ya hundi za Kiswahili inapozaliwa, na mingi kati ya hiyo si migongano.

Chukua "elfu kumi na tano". Karibu kila mtu atasema ni 15,000. Lakini kwa maneno yaleyale unaweza kusema elfu kumi, na tano juu yake, yaani 10,005. Hakuna kinachotenganisha hesabu hizo mbili isipokuwa pumzi ya msemaji, na hundi haina pumzi. "Elfu mia mbili na hamsini" ni 250,000 au 200,050. "Laki tatu elfu kumi na tano" ni 315,000 au 310,005. Chanzo ni kwamba Kiswahili hutanguliza elfu kisha hesabu yake, na "na" inayofuata haisemi kama inaongeza maelfu au inaongeza mamoja.

Mtego wa pili unatoka kwenye mazungumzo ya sokoni. Mtu akisema bei ni "laki moja na ishirini", kila aliyepo anajua ni 120,000, neno elfu likiwa limemezwa. Akiyaandika maneno hayohayo kwenye hundi, ukiyasoma kama yalivyo ni 100,020. Vivyo hivyo "milioni moja na mia mbili": kwa mazungumzo 1,200,000, kwa maandishi 1,000,200. "Na nusu" ina nafuu, kwa kuwa hufuata kipimo kilichotajwa: "laki nane na nusu" ni 850,000, "milioni moja na nusu" ni 1,500,000. Hata hivyo kwenye hundi ni uandishi wa kivivu, na karani wa benki ana haki ya kuutilia shaka.

Kwa hiyo baada ya kunakili maneno, yakate vipande kwa vipimo: milioni, laki, elfu, mia, kisha kilichobaki. Kila kipande andika thamani yake pembeni. Ukifika penye "na" baada ya elfu, laki au milioni, jiulize kama kipande kinachofuata kinaweza kuhesabiwa kwa namna mbili. Kama kinaweza, andika hesabu zote mbili na uendelee. Usichague bado.

Mwandishi wa hundi anaweza kuufunga mlango huu mwenyewe kwa kuweka hesabu mbele ya elfu: "kumi na tano elfu tu", "mia mbili na hamsini elfu tu". Hapo hakuna usomaji wa pili. Kama ofisi yenu inaandika hundi kwa Kiswahili, huo ndio mtindo wa kufuata kila mara, hata kama masikioni unasikika mgumu. Na "tu" isiachwe, kwa sababu ndiyo inayozuia mtu kuongeza neno mwishoni.

Kisha kisanduku, maneno yakiwa yamefunikwa

Sasa fanya kinyume. Nakili tarakimu moja moja kutoka kushoto, ukiandika pia mikato, nukta na vistari kama unavyoviona.

Kinachoharibu zaidi usomaji hapa ni mkia. Wengi hufunga kiasi kwa alama ya mkwaju na vistari viwili, `15,000/=`, wakimaanisha hakuna senti. Mkwaju ulioandikwa wima na kubanana na sifuri ya mwisho husomeka kama 1, na ghafla una 15,0001. Dawa ni kuhesabu tarakimu baada ya kila mkato. Lazima ziwe tatu, si zaidi na si pungufu. Zikiwa nne, ya mwisho ni mkwaju. Zikiwa mbili, ama sifuri imemezwa na picha iliyoinama, ama mkato wenyewe ni nukta ya senti. Wapo wanaotenga maelfu kwa nukta, `1.500.000`, na hao utawatambua kwa sababu kila nukta yao hufuatwa na tarakimu tatu.

Kwa tarakimu zenyewe, shaka ya kawaida ni 1 na 7, 4 na 9, 3 na 8, 0 na 6. Usiamue kwa kuitazama tarakimu hiyo peke yake. Tafuta ileile kwenye tarehe ya hundi, iliyoandikwa na mkono uleule dakika hiyohiyo. Namba ya hundi na namba ya akaunti hazikusaidii, kwa kuwa zimechapwa na mashine.

Tazama pia nafasi tupu iliyo mbele ya tarakimu ya kwanza. Mwaka 1918 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya London Joint Stock Bank dhidi ya Macmillan na Arthur. Karani wa kampuni alimpa mmoja wa wakuu wake hundi ya pauni 2 atie saini. Kisanduku kilikuwa na 2 yenye nafasi pande zote mbili, na mstari wa maneno ulikuwa mtupu. Baada ya saini karani aliongeza 1 mbele na 0 nyuma, akaandika maneno ya pauni mia moja na ishirini, akachukua fedha na kutoweka. Mahakama ilisema hasara ni ya kampuni, kwa kuwa iliacha mwanya. Angalia jambo moja kwenye kisa hicho: hundi iliyofika benki ilikuwa na maneno na tarakimu zinazokubaliana kabisa. Kulinganisha viwili hivi kunakamata makosa, lakini hakuthibitishi kwamba mwenye akaunti aliandika kiasi hicho. Ukiona tarakimu ya kwanza imebanwa kwenye ukingo wa kisanduku, au rangi ya wino imebadilika katikati, omba picha moja zaidi iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Mwanga wa namna hiyo huonyesha karatasi iliyokwaruzwa na wino uliopitishwa mara mbili.

Tofauti yenyewe inakuambia kilichotokea

Sasa una kiasi cha maneno, pengine viwili, na kiasi cha tarakimu. Vikilingana, umemaliza. Usomaji mmoja wa maneno ukilingana na tarakimu na mwingine usilingane, hakuna mgongano: tarakimu zimefafanua maneno yenye utata. Andika kwenye kumbukumbu kwamba maneno yana usomaji wa pili, kwa sababu benki inaweza kuuliza, kisha endelea.

Visipolingana, toa kidogo kwenye kikubwa na uitazame tofauti kabla ya kumpigia mtu simu.

Tofauti ikigawanyika kwa 999 bila baki, karibu daima elfu ndiyo iliyopotea au kutafsiriwa vibaya. 15,000 kutoa 10,005 ni 4,995, yaani 999 mara 5. 120,000 kutoa 100,020 ni 19,980, yaani 999 mara 20. Hata sifuri tatu zilizosahaulika huangukia hapa: 15,000 kutoa 15 ni 999 mara 15. Rudi kwenye maneno utafute "na" uliyoisoma kwa namna moja tu.

Isipogawanyika kwa 999 lakini ikagawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi au sifuri moja iliyozidi au kupungua. 630,000 na 360,000 zinatofautiana kwa 270,000. 850,000 na 85,000 zinatofautiana kwa 765,000. Zote mbili hugawanyika kwa 9. Njia ya haraka ni kujumlisha tarakimu za tofauti: 7 na 6 na 5 ni 18, na 18 hugawanyika kwa 9.

Isipogawanyika kwa 9, mara nyingi ni tarakimu moja au neno moja lililobadilishwa na lingine, kama sitini kwa tisini. Kipimo hiki hakithibitishi kitu, kwa maana tofauti inaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Kazi yake ni kukuonyesha pa kuangalia kwanza.

Anayepokea hundi nyingi anaweza kuweka hesabu hii kwenye jedwali la kompyuta. Kiasi cha maneno kiwe safu ya B, cha tarakimu safu ya C:

```
=ABS(B2-C2)
=MOD(ABS(B2-C2),999)
=MOD(ABS(B2-C2),9)
```

Mstari wa kwanza ukitoa sifuri, mengine hayana maana. Ukitoa namba, soma wa pili kabla ya wa tatu: sifuri hapo maana yake tofauti imegawanyika bila baki.

Mgongano wa kweli: maneno hushinda, lakini benki inaweza kukataa

Umesoma upya, picha ni nzuri, maneno yana usomaji mmoja tu, na bado havilingani. Sheria ina jibu la moja kwa moja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo, kifungu cha 9, inasema kwamba kiasi kikiandikwa kwa maneno na kwa tarakimu na vikatofautiana, kiasi kinacholipwa ni cha maneno. Kenya na Tanzania zilirithi kanuni hiyo kwenye sheria zao.

Kanuni ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Katika kesi ya Saunderson dhidi ya Piper, mwaka 1839, hati ilikuwa na £245 kwa tarakimu, na kwa maneno pauni mia mbili. Hata stempu iliyobandikwa ilikuwa ya kiasi kikubwa. Mwenye hati alitaka kuleta ushahidi kwamba maneno ya arobaini na tano yalisahauliwa. Mahakama ilikataa kuusikiliza, na hati ikabaki ya 200.

Hilo linakuonyesha ukali wa kanuni hii. Haiulizi mwandishi alikusudia nini. Inauliza maneno yanasema nini. Ndiyo maana sehemu ya utata iliyotangulia ina uzito: kanuni inafanya kazi pale tu maneno yanaposema kitu kimoja.

Sasa tofautisha kanuni na dirisha la benki. Sheria inasema kiasi cha hundi ni kile cha maneno. Kwa mazoea, benki ya mtoa hundi ikiona maneno na tarakimu havilingani huirudisha bila kulipa na kutaja sababu hiyohiyo. Inafanya hivyo kujilinda, kwa kuwa tofauti hiyo inaweza kuwa dalili ya hundi iliyochezewa. Anayepokea hundi yenye mgongano akaiweka benki kwa matumaini ya kiasi cha maneno anajiweka kwenye hatari ya kusubiri siku kadhaa, kurudishiwa karatasi na kutozwa ada ya hundi iliyorudi. Kwa hiyo kanuni ya maneno itumie kwenye mambo mawili: kujua kiasi cha kuandika kwenye vitabu wakati suala halijatatuliwa, na kujua haki yako iko wapi mkifika kwenye mabishano. Kwa kupata fedha, njia ya uhakika ni hundi mpya.

Kikomo cha kiasi nacho husaidia kusoma. Kenya, tangu Oktoba 2009, hundi za shilingi milioni moja na zaidi hazipitishwi kati ya benki na benki. Malipo hayo hufanywa kwa uhamisho wa moja kwa moja. Hundi ya Kenya ambayo maneno yake ni ya laki moja na ishirini elfu huku kisanduku kikiwa na 1,200,000 ina sifuri iliyozidi, na hata kama kisanduku ndicho kilichokusudiwa, hundi hiyo isingepita.

Upande mmoja ukiwa mtupu kabisa, usiujaze. Hata kama mtoa hundi amekuruhusu kwa simu, mwandiko wa pili kwenye mstari wa kiasi ni jambo la kwanza ambalo benki hulitilia shaka.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Mtoa huduma za ushauri wa kitaalamu, ambaye hajasajiliwa VAT, amepeleka ankara ya shilingi 2,800,000 kwa kampuni ya Dar es Salaam. Mhasibu wa kampuni anatuma picha ya hundi.

Kisanduku kikiwa kimefunikwa, maneno yananakiliwa: "Milioni mbili laki sita na sitini elfu tu". Herufi ndefu kwenye neno linalotiliwa shaka iko ya tatu, na inafanana na t ya "tu". Kwa hiyo ni sitini. Vipande ni 2,000,000 na 600,000 na 60,000, jumla 2,660,000. "Na" iko baada ya laki sita, lakini "sitini elfu" imeshataja elfu yake na hesabu iko mbele ya elfu, hivyo usomaji wa pili haupo.

Maneno yakifunikwa, kisanduku kinasomeka `2,690,000/=`. Tarakimu baada ya mikato ni tatu tatu, mkwaju uko mbali na sifuri. Je, ile 9 inaweza kuwa 6? Kwenye tarehe kuna 9 na 6 zote mbili. 9 ya tarehe ina duara juu na mguu ulionyooka, na ya kisandukuni ni vivyo hivyo. Ni 9.

Tofauti ni 30,000. Haigawanyiki kwa 999. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 3, kwa hiyo haigawanyiki kwa 9. Inaonyesha neno au tarakimu moja iliyobadilishwa, na nafasi ni makumi elfu, palepale penye sitini na 9. Huu ni mgongano wa kweli.

Sasa ndipo karatasi nyingine zinapofunguliwa. Ankara ni 2,800,000, na hakuna upande wa hundi unaolingana nayo. Kabla ya kusema pande zote zimekosea, kumbuka kodi ya zuio. Kwa ada ya huduma inayolipwa kwa mkazi wa Tanzania, mlipaji huzuia asilimia 5. Asilimia 5 ya 2,800,000 ni 140,000, na kinachobaki ni 2,660,000. Maneno ndiyo yaliyo sahihi. Aliyeandika alihesabu vizuri, akaandika maneno vizuri, akateleza kwenye kisanduku.

Ushahidi wa nje na kanuni ya sheria vimeangukia upande mmoja, na mpokeaji anaweza kuandika 2,660,000 kwenye vitabu kama kiasi kinachotarajiwa. Hundi hata hivyo haipelekwi benki ikiwa hivyo. Kama hesabu ya kodi ingeleta 2,690,000, yaani tarakimu ndizo zilizokusudiwa, hundi bado ingekuwa ya 2,660,000 kisheria, na 30,000 iliyobaki ingebaki deni la ankara, si deni la hundi.

Kumjulisha mtoa hundi

Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, iliyoko kwenye mkataba au kwenye barua zake, siyo namba iliyokuletea picha. Kisha mwandikie, ukitaja pande zote mbili kama zilivyo bila kumchagulia jibu:

"Habari za kazi ndugu mhasibu. Tumepokea picha ya hundi yenu namba … ya tarehe … Mstari wa maneno unasomeka milioni mbili laki sita na sitini elfu tu, yaani 2,660,000. Kisanduku kinasomeka 2,690,000. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi kiasi sahihi, na mtuandikie hundi mpya. Hundi ya awali hatutaipeleka benki. Tutaikabidhi mtakapotupatia mpya."

Usikubali marekebisho juu ya hundi hiyohiyo, hata yakiwekewa saini pembeni. Kubadilisha kiasi ni badiliko la msingi kwenye hati, na kwa kuwa mabenki sasa hupitisha picha badala ya karatasi, 9 iliyopitishiwa wino ikawa 6 huonekana kwenye picha kama doa tu. Wewe mpokeaji usiiguse kabisa hundi kwa kalamu. Alama ndogo ya penseli uliyoweka kwenye kisanduku ili ukumbuke inaweza kuingia kwenye picha ya benki.

Hundi mpya ikifika, isome upya tangu mwanzo kama vile hujawahi kuiona, kisanduku kikiwa kimefunikwa. Anayerudia hundi kwa haraka baada ya kuambiwa amekosea tarakimu mara nyingi hurekebisha kisanduku kwa uangalifu na kuteleza kwenye maneno. Ile ya kwanza ichorwe mistari miwili mikubwa, iandikwe IMEBATILISHWA kutoka kona hadi kona mbele ya anayeipokea, na namba zake zote mbili, ya zamani na ya mpya, ziandikwe mstari mmoja kwenye kitabu pamoja na kiasi cha maneno, kiasi cha tarakimu, tofauti, na jina la aliyesoma. Picha zake zifutwe kwenye simu na kwenye makundi zilikopitia, zibaki kwenye jalada la ofisi tu, kwa sababu zina namba ya akaunti na saini ya mtu.